Skrinshoti ya dipoziti niliyoipata kwa neno lililokosewa

Tulipohama nyumba ya Kisauni nilimdai keateka dipoziti yetu, shilingi 18,000. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba dipoziti hatukuwahi kuweka, na kwamba ile hela niliyomtumia mwezi wa tatu 2022 ilikuwa kodi. Nikatoa taarifa ya M-Pesa. Ikaonyesha hela ilitoka kwangu, siku ipi na saa ngapi, ikaenda kwenye namba yake. Lakini taarifa haisemi hela ilikuwa ya nini, naye alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

Kilichosema ni ya nini kilikuwa ujumbe wake wa WhatsApp, na mazungumzo yale sina tena. Nilibadilisha simu bila kuhifadhi chochote, ile ya zamani nikawaachia watoto wachezee gemu, na WhatsApp iliyokuwamo nikaifuta ili gemu zipate nafasi. Mke wangu ndiye aliyenikumbusha: “Si uliwahi kupiga skrinshoti ukanionyesha?” Kweli niliwahi. Ila ni ipi, kati ya mamia ya skrinshoti za risiti, ratiba za meli, vichekesho na matangazo ya kazi?

Basi nikaijaribu ile huduma ya Google Photos ya kutafuta picha kwa maneno yaliyo ndani yake. Unaandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, nayo inakuletea picha zenye maandishi hayo. Si jina la faili wala maelezo uliyoyaweka wewe, bali herufi zenyewe zinazoonekana kwenye picha. Kazi hiyo iliongezwa mwaka 2019, na mimi nilikuwa nayo miaka yote bila kuigusa.

Siku ya kwanza haikuleta kitu. Niliandika deposit, zikaja karatasi za benki nilizozipiga kwa kamera, basi. Nikaandika jina la keateka, patupu. Nilikuwa karibu kuiita huduma ya uongo, kisha nikafanya jaribio ambalo nadhani lingefaa kuwa la kwanza: nikachukua skrinshoti moja ninayoijua, ya tiketi ya treni ya kwenda Nairobi, nikatafuta neno linaloonekana wazi juu yake. Haikuja. Hapo nikajua tatizo si neno ninalolitafuta. Skrinshoti zangu hazikuwa zimesomwa kabisa.

Sababu ni kwamba programu husoma maandishi ya picha zilizopandishwa kwenye akaunti yako, na ukiwasha uhifadhi, folda inayopandishwa yenyewe ni ya kamera tu. Skrinshoti hukaa kwenye folda yake, na picha za WhatsApp kwenye yake. Hizo hubaki ndani ya simu mpaka uziruhusu moja moja. Kwa hiyo picha zangu za harusi na samaki zilikuwa zote huko juu, lakini skrinshoti hata moja haikuwapo.

Nikamnyang'anya mwanangu simu ya zamani, nikaichaji, nikafungua Google Photos kwa akaunti ileile. Unagusa picha yako pale juu kulia, unaingia Photos settings, kisha Backup, kisha Back up device folders, halafu unawasha Screenshots. Zangu zilikuwa 640 na kidogo. Skrinshoti ni nyepesi, nyingi hazifiki hata nusu megabaiti, kwa hiyo zote pamoja hazikuzidi megabaiti 300. Kwa bando ni hela, nikazipandisha kwa waifai ya ofisini kwa binamu yangu. Kwenye akaunti ya bure una gigabaiti 15, na hizo unazigawana na barua pepe, kwa hiyo aliyejaza sanduku lake la barua aangalie kwanza, la sivyo upandishaji utasimama katikati.

Picha zilipomaliza kupanda nikatafuta mara moja. Patupu tena. Kumbe kupanda ni jambo moja na kusomwa ni jingine. Kwangu ilichukua mpaka kesho yake mchana ndipo ile tiketi ya treni ilipotokea kwa neno lake. Usihukumu huduma hii saa ile ile. Tumia picha yako moja ya kujaribia, na siku itakapojitokeza ndipo uanze kazi yenyewe.

Sasa niko na mashine inayosoma, na bado siipati. Nikaandika dipoziti. Hakuna. Nikaandika nyumba, ikanimwagia picha za nyumba: ya shangazi Lamu, ya jirani inayojengwa, hata kibanda cha kuku. Programu hii ilidhani nataka kuona nyumba, si neno nyumba. Dawa yake ni alama za kunukuu. Ukiandika "nyumba" pamoja na alama zake, inaacha kubahatisha maana na kufuata herufi. Vibanda vya kuku vikaondoka, zikabaki skrinshoti za matangazo ya kupangisha. Ya keateka haikuwamo.

Nikatafuta pia ile namba ya muamala iliyo kwenye taarifa ya M-Pesa, nikidhani huenda niliwahi kuipiga skrinshoti pamoja na mazungumzo. Haikuja, ingawa baadaye niligundua kuwa skrinshoti ya ujumbe wa M-Pesa ninayo. Niliifungua nikagusa alama ya Lens chini yake, ambayo hukuonyesha maandishi kama mashine ilivyoyasoma, nikaona sifuri ya kwenye namba imesomwa kuwa herufi O. Namba zile huchanganya herufi na tarakimu bila mpango wowote wa kuisaidia mashine, kwa hiyo 0 na O, 1 na I, 5 na S huingiliana. Tangu hapo situmii namba ya muamala kutafutia. Natumia jina la mtu au neno la kawaida lililo karibu yake.

Lakini shida kubwa ilikuwa Kiswahili chenyewe, na hapa ndipo nilipojifunza kitu. Lugha yetu hubeba kila kitu mbele ya kitenzi. Nilipoandika lipa sikuletewa picha yenye nimelipa, wala yenye utalipwa, ingawa zote ninazo. Programu inalinganisha neno zima lilivyoanza, na maneno yetu huanza na ni-, u-, tu-, ata-. Mzungu akiandika pay ameshafika karibu na payment. Mimi nikiandika lipa nimebaki mlangoni. Inabidi ukumbuke ni nani alikuwa akisema na ni wakati gani: je, aliandika nimepokea, tumepokea, au imepokelewa? Nilijaribu zote tatu. Wapi.

Jibu lilikuja nilipoacha kuwaza alisema nini nikawaza huwa anaandikaje. Nikafungua mazungumzo yetu mapya, yale ya kubishana, nikayasoma kama mwalimu anayesahihisha daftari. Huyu bwana haandiki herufi zote. Kila penye nime- anaandika nme-: nmeona, nmetoka, nmesema. Na hatumii neno pokea hata mara moja. Kwake ni pata: “nmepata ujumbe wako.” Nikarudi kwenye kisanduku nikaandika "nmepata".

Zikaja picha tatu. Moja ni ya mpwa wangu, naye ana ugonjwa huohuo wa kula irabu. Ya pili ni kichekesho. Ya tatu ni hii hapa, mandhari ya kijani ya WhatsApp, maneno yake mwenyewe: “Nmepata 18 ya depo mkuu. Siku ukitoka narudisha yote.”

Depo! Si deposit, si dipoziti. Na si 18,000 bali 18. Kila neno nililokuwa nikilitafuta kwa busara zangu halikuwemo kwenye picha ile hata kimoja.

Na msidhani ningeipata kwa kupekua tarehe. Nilikuwa nimeshapekua Machi yote ya 2022 kwa kidole, picha kwa picha. Skrinshoti hii tarehe yake ni Julai. Hela nilituma Machi, lakini skrinshoti niliipiga siku bomba la jikoni lilipopasuka, nikawa narudi nyuma kwenye mazungumzo nimwonyeshe mke wangu bwana huyu aliahidi nini na nini. Picha hubeba tarehe ya siku uliyobonyeza, si ya siku maneno yaliposemwa.

Dada yangu ana iPhone, nikamjaribia na yake kwa udadisi. Kwao kazi hii ilikuja na iOS 15 mwaka 2021, kwa simu za kuanzia XS na XR, na usomaji hufanyika ndani ya simu yenyewe bila kupandisha kitu. Hilo nimelipenda. Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha zake, lakini kwa kuwa tunaandika kwa herufi zilezile za Kiingereza, maneno yaliyochapwa wazi aliyapata. Mwandiko wa mkono wa mama kwenye orodha ya soko haukusomeka.

Kuna jambo moja lililonitia ubaridi. Baada ya kufurahi nikaandika password kwa mchezo tu, zikaja skrinshoti nne, moja ikiwa na neno la siri la sanduku langu la barua likisomeka waziwazi. Nikaandika passport, ikaja pasi ya mke wangu. Simu yangu ikiwa wazi mkononi mwa mtu, hahitaji kupekua picha 640. Anahitaji neno moja tu, na hilo hakuna mtu asiyelijua. Hizo nimezifuta siku ileile, kisha nikaingia kwenye Trash nikazifuta na huko, kwa sababu picha iliyokuwa imehifadhiwa hukaa humo siku 60 kabla ya kuondoka yenyewe. Nyingine nilizozihitaji nimezihamishia Locked Folder, maana za humo hazitokei kwenye utafutaji.

Kama mtaniuliza nyota, naipa huduma hii nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya hilo la folda: mtu anawasha uhifadhi, anaona picha zinapanda, anaamini kila kitu kipo, kumbe zile ambazo maandishi yake ndiyo yenye maana zimeachwa chini. Nyota ya nne naitoa kwa shingo upande kidogo kwa ajili ya vitenzi vyetu, ingawa najua hilo si la kulilaumu peke yake.

Skrinshoti nilimtumia keateka bila kuandika neno lolote juu yake. Alama mbili zikageuka buluu, akakaa kimya siku nzima. Jioni ya pili ikaingia M-Pesa ya 15,000, na ujumbe chini yake: “3 nmekata ya rangi.”

Hiyo nayo nimeipiga skrinshoti.