Mizunguko 50 ya bure: nilimaliza na 94,000, nikapewa 20,000

Bado nina hasira, mnisamehe. Juzijuzi kasino moja ya mtandaoni ilinitumia ujumbe kwamba nimepewa mizunguko 50 ya bure kwenye sloti yao, kila mmoja una thamani ya shilingi 200. Sikuweka hata senti. Mizunguko ilipoisha skrini ikaandika nimeshinda 18,400, nami nikakimbilia kutoa pesa. Salio la kutoa: sifuri.

Kumbe ushindi wa mizunguko ya bure hauingii kama pesa taslimu. Unaingia kwenye salio la bonasi, na salio hilo haligeuki pesa mpaka ulichezee mara kadhaa. Kwangu ilikuwa mara 30, yaani dau zangu zote zikijumlishwa zifike 552,000, tena ndani ya siku tatu. Hebu piga hesabu. Sloti inayorudisha asilimia 96 inakula wastani wa shilingi 4 katika kila 100 unazocheza. Kwenye 552,000 inakula kama 22,000, na mimi nilikuwa na 18,400 tu! Wengi salio linawakaukia njiani.

Langu halikukauka. Nilizungusha kwa mia nne mia nne, usiku kucha na kesho yake, mizunguko 1,380, na katikati sloti ikanitemea ushindi mmoja mkubwa. Namaliza masharti nina 94,000. Kichwani nilishailipa kodi ya chumba. Kufungua tena, naona 20,000.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Dada akajibu, "Kaka, kiwango cha juu cha kubadilisha bonasi kuwa pesa ni elfu ishirini. Ulikubali masharti." Nikamuuliza, hizo 74,000 zimekwenda wapi? "Hazikuwa zako." Akafunga mazungumzo.

Hazikuwa zangu! Siku mbili nzima skrini yao imeandika "Salio lako".

Niseme ukweli, ukomo huo upo kwenye masharti, chini kabisa, nimeukuta. Na ile 20,000 iliingia kwenye simu ndani ya dakika chache, kwa kitu ambacho sikukilipia. Nilitaka kuwapa nyota tatu, ndiyo haki yao.

Lakini kila nikikumbuka ule mstari wa kijani uliokuwa ukinionyesha nimebakiza dau kiasi gani, hadi shilingi ya mwisho, roho inachafuka. Hesabu ya kunifanya niendelee kucheza waliiweka mbele ya macho yangu. Ile ya elfu ishirini, ambayo waliijua kabla sijazungusha mara ya kwanza, wakaifukia chini ya ukurasa. Ningeiona mapema nisingekesha.

Nyota moja. Hela nimeshaitoa, akaunti nimeifunga.