Nimesaga voisi za kikundi ziwe nyepesi kwa ffmpeg kwenye simu miezi minne sasa, uzoefu wangu (Opus 16k)

Nianze na kilichonileta huku. Mimi ndo naandaa matangazo ya sauti ya kikundi chetu cha wakulima wa korosho, watu wako Tandahimba, wengine Newala vijijini huko, mimi nipo Mtwara mjini. Tangazo likiwa refu sirekodi moja kwa moja Wasap, narekodi na rekoda ya simu ili nikikosea nikate, halafu ndo natupia grupuni. Sasa rekoda ya simu yangu inatoa m4a ya kilobiti 128 kwa sekunde, na tangazo moja la dakika 11 na sekunde 20 lilitoka karibu MB 10.9. Kule anakokaa shangazi yangu netiweki ikishuka ikawa ile E ya juu ya simu, tuseme unapata kilobiti 40 kwa sekunde, hiyo MB 10.9 ni zaidi ya nusu saa ya kusubiri kiduara kizunguke, na ikikatika katikati ndo hivyo tena, bando limeliwa na hujasikia kitu.

Nikaanza kutumia app za bure za kupunguza ukubwa wa faili la sauti, nikashusha mpaka faili likawa kidogo kabisa nikajiona mjanja. Tangazo lilihusu magunia matupu ya msimu. Nimesema vizuri kabisa "magunia tisini yamefika", mjomba anayeshika daftari kule kaandika sitini. Kaja mtu kachukua magunia, hesabu haikai, maneno yakaanza, simu zikapigwa usiku. "Njomba, wewe umesema sitini, nimerudia mara tatu!" Nikasikiliza mwenyewe ile sauti niliyotuma, nasikia tisini. Nikampa jirani asiyejua habari yenyewe, kasikia sitini. Hapo ndo nikajua sikio langu linanidanganya kwa sababu najua nilichosema.

Basi nikahamia ffmpeg, programu ya kubadilisha mafaili ya sauti, naiendesha ndani ya Termux, app ya Android ya kuandikia amri. Ni bure, haina matangazo, ila hakuna batani za kubonyeza, unaandika amri, mwanzoni inatisha. Termux nilichukua F-Droid, lile duka la app za bure, nikafungua nikaandika hivi mara moja tu:

```
pkg install ffmpeg
termux-setup-storage
```

Ya pili ni ya kuipa ruhusa ya kuona mafaili ya simu. Halafu kazi yenyewe ni mstari mmoja:

```
cd ~/storage/downloads
ffmpeg -i magunia.m4a -af highpass=f=120 -ac 1 -c:a libopus -b:a 16k -application voip magunia.ogg
```

Kwa anayetaka kujua nini ni nini: `-ac 1` inafanya sauti iwe ya upande mmoja, mtu mmoja anaongea stirio ya nini. `libopus` ndo kodeki, yaani kile kinachobana sauti, inaitwa Opus, ileile ambayo Wasap inatumia kwenye voisi zake, imekuwa standadi tangu 2012. `-b:a 16k` ni kilobiti 16 kwa sekunde, yaani KB 2 kila sekunde, KB 120 kwa dakika. Tangazo langu la dakika 11 likashuka kutoka MB 10.9 mpaka MB 1.4 hivi. Kwenye ile netiweki ya kilobiti 40 ni kama dakika tano badala ya nusu saa na ushee. Na `voip` inaiambia kodeki hii ni sauti ya mtu anaongea sio mziki, itunze maneno.

Sasa swali ni ushuke mpaka wapi. Opus inakubali mpaka 6k, na tamaa ikikuingia unasema si niende huko huko. Nikafanya jaribio ambalo namshauri kila mtu alifanye na watu wake. Niliandika maneno 20 yanayokaribiana: sitini, tisini, sita, tisa, suka, shuka, fuka, fika, shika, thamani, samani, zana, dhana na mengine ya hivyo. Nikayasoma peke yake bila sentensi, maana ndani ya sentensi ubongo unajaza wenyewe. Nikarekodi mara nne, kila mara nimeyachanganya upya, kwa sababu ukimpa mtu orodha ileile mara ya pili keshaikariri. Ya kwanza nikaisaga kwa 8k, ya pili 12k, ya tatu 16k, ya nne 24k, nikamtumia shangazi. Yeye kazi yake kusikiliza mara moja na kuandika kwenye daftari, kisha anipigie picha. Sikumwambia ipi ni ipi.

Kwenye 8k alipata 13. Kwenye 12k 18, kwenye 16k zote 20, kwenye 24k zote 20. Makosa ya 8k yalinifurahisha kwa sababu hayakuwa ovyoovyo. Hakukosea hata moja kwenye irabu, a ilibaki a, u ilibaki u. Alichokosea ni zile herufi za kuvuma: fuka kaandika suka, thamani kaandika samani, dhana kaandika zana, na sitini/tisini yangu ileile ya ugomvi ikajirudia! Sababu ni kwamba irabu zinakaa chini, mtetemo wa chini, lakini s, f, sh na th ni pumzi ya juu, na kinachoitofautisha s na f sehemu kubwa kiko juu ya hezi 4000. Ukiibana Opus kwa 8k inaamua kutupa chote kilicho juu ya 4000 ili ibakize kinachotosha, inakuwa kama simu ya kawaida ya zamani, ndo maana kwenye simu mtu anakuuliza "s ya samaki au f ya fedha?". Kwenye 12k ya juu yapo ila yamekwaruzika, shangazi alisema "kama unaongea na kikombe mdomoni". Kwa hiyo kwangu mimi 16k ndo sakafu, 24k natumia kama anayeongea ni mzee mwenye sauti ya chini au meno yamepungua, hapo lile faili linakuwa MB 2.

Kuna kosa nilifanya wiki ya pili, nalisema ili msirudie. Niliona mtu kaweka `-ar 8000` kwenye amri yake nikaiga, nikidhani inapunguza faili zaidi. Faili lilibaki karibu ukubwa uleule kwa sababu biti nimeziweka 16k palepale, ila sauti ikarudi kuwa ya simu, maana 8000 hiyo inakata kila kitu juu ya 4000 kabla hata kodeki haijaanza kazi. Nimelipa bei ya 16k nikapata usikivu wa 8k. Na ukitaka kukagua kwa `ffprobe` haikusaidii, faili la Opus litakuandikia 48000 siku zote hata kama ndani mmebaki 4000 tu. Kinachosema ukweli ni picha:

```
ffmpeg -i magunia.ogg -lavfi showspectrumpic=s=800x400 picha.png
```

Inatoa picha ya sauti yako, chini mtetemo wa chini, juu wa juu mpaka 24000. Rangi zikiishia kwenye sehemu moja ya sita ya chini kama zimekatwa na rula, basi s na f zako hazipo. Ile nzuri ya 16k rangi zinapanda mbali zaidi ya hapo, hasa pale uliposema s unaona kama nguzo imesimama.

Halafu upepo. Hili ndo lilinisumbua kuliko amri zote. Nilirekodi siku moja Mikindani, kivuli kizuri, bahari ile pale, bodaboda anasubiri injini inanguruma. Kwenye m4a kubwa sauti inasikika tu, mtu unaelewa bila shida, ukisaga 16k inakuwa uji. Nikadhani kodeki mbovu, kumbe kilobiti 16 ni chache na kodeki haijui kipi maneno kipi upepo, inagawa biti kwa vyote viwili. Ile `highpass=f=120` inaondoa mngurumo wa chini kabla ya kusaga, inasaidia upepo mdogo na injini, ila upepo unaopiga maiki moja kwa moja hauondoki, umeenea mpaka juu. Nilijaribu pia `dynaudnorm` ili kuinua sauti kwa wenye spika ndogo, mtu akinyamaza kidogo inainua makelele ya nyuma fuuu, akiongea yanashuka, inachosha kusikiliza, nikaitoa.

Dawa niliyoipata haina uhusiano na simu. Narekodi ndani ya stoo ya magunia. Sichekeshi jamani, magunia yaliyopangwa yanameza mwangwi, mlango nimefunga, simu nimeishika kama shubiri moja kutoka mdomoni na nimeiinamisha pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isigonge maiki. Rekodi ya stoo kwa 16k inaeleweka kuliko rekodi ya Mikindani kwa 24k, nimejaribu kwa shangazi huyohuyo.

Mapungufu yapo. Vitochi vingi haviifungui Opus, kuna wazee wanne kwetu wanasikilizia kitochi chenye memori kadi, hao natengeneza mp3 na mtu anawawekea:

```
ffmpeg -i magunia.m4a -ac 1 -ar 22050 -c:a libmp3lame -b:a 32k magunia.mp3
```

Hiyo inakuwa MB 2.7, mara mbili ya Opus, na mp3 usiishushe chini ya hapo inaanza kububujika kama mtu yuko ndani ya maji. Jambo lingine, voisi iliyorekodiwa ndani ya Wasap usiisage tena, tayari ni Opus, utapunguza kidogo sana na kila ukisaga mara ya pili makwaruzo yanapandana. Saga kutoka kwenye ile m4a ya asili tu, na usiifute mpaka watu wathibitishe wameelewa. Na kuandika amri kwenye kibodi ya simu kunaudhi, kistari kikikosekana kinakuletea maneno mekundu, mimi nimeikopi kwenye noti napesti nabadilisha jina la faili tu. Jina lisiwe na nafasi katikati.

Nyota nne kati ya tano, moja naikata kwa ajili ya vitochi na kibodi.

Pamoja na 16k yote hiyo, namba sasa nazisema mara mbili kwa njia mbili: "magunia tisini, tisa sifuri". Inaongeza sekunde mbili, yaani KB 4. Mjomba wa daftari aliposikia ya kwanza ya hivyo akanirudishia voisi anacheka, "Njomba, hapo sasa hata ukinitumia chini ya maji naandika."