Uzoefu wangu: Epson L3110 ikisema pedi ya wino imejaa

Hii ndiyo printa utakayoikuta kwenye stesheneri nyingi, yenye matangi ya wino ubavuni na chupa namba 103. Nimeitumia kwa kazi za kila siku, na kwa uchapaji sina ugomvi nayo. Ninachotaka kukipitia hapa ni siku ile taa mbili nyekundu, ya karatasi na ya wino, zinapoanza kuwaka kwa kupokezana, na kompyuta inaandika "A printer's ink pad is at the end of its service life". Mashine inagoma hata kama matangi yamejaa pomoni.

Kwanza tuelewe kinachogoma. Kila unaposafisha hedi, ile sehemu inayonyunyizia wino kwenye karatasi, pampu ndogo iliyo chini ya hedi inavuta wino kupitia kwenye matundu yake na kuusukuma kwa mrija hadi kwenye kijisanduku cha sponji kilichoko nyuma ya mashine. Hiyo ndiyo pedi. Ndani yake hakuna kifaa kinachopima kama imelowa. Printa inapiga hesabu tu: kusafisha kwa kawaida kunaongeza kiasi fulani, Power Cleaning, yaani usafishaji mkali unaovuta wino mwingi, inaongeza zaidi, na jumla inaandikwa kwenye kumbukumbu ya mashine. Ikifika asilimia 100, inafunga. Ndiyo maana watu wananunua pedi mpya, wanaifunga vizuri kabisa, na taa zinaendelea kuwaka. Ni kazi mbili tofauti, sponji na hesabu, na ukiifanya moja ukaiacha nyingine bado hujamaliza.

Ujumbe wenyewe una hatua. Ukisema "nearing the end" bado unaweza kuchapa, na huo ndio wakati wa kutafuta pedi. Upo pia ujumbe unaotaja "borderless". Huo unahusu sponji nyingine, iliyo chini ya njia ya karatasi, inayopokea wino unaomwagika nje ya ukingo unapochapa picha zisizo na fremu nyeupe. Hiyo ikijaa, picha za aina hiyo zinakataa, lakini barua na fomu zenye ukingo zinaendelea kutoka. Kwa anayechapa picha nyingi za 10x15, usishangae ikawahi kabla ya ile kubwa.

Kabla ya kulipa chochote, soma hesabu. Programu ya kompyuta iitwayo WIC Reset Utility inasoma bure: unganisha kwa waya wa USB, bonyeza "Read waste counters", na utaona asilimia ya kila pedi. Tuseme pedi kuu inasoma 100 na ile ya picha 35. Hapo shida yako ni kile kijisanduku cha nyuma peke yake, na hicho ndicho rahisi kufikika. Kama ni kinyume chake, nenda kwa fundi, kwa sababu sponji ya ndani inadai kufungua mashine yenyewe.

Kubadilisha pedi kuu ni kazi fupi. Zima printa kwa kitufe chake, subiri hedi irudi mahali pake, ndipo uchomoe waya wa umeme. Usiilaze ubavu, wino wa matangini utahama. Geuza nyuma uje kwako, fungua skrubu moja inayoshikilia kijisanduku kwenye kona, kisha kivute taratibu kwa sababu mrija bado umeshikana nacho. Chomoa mrija ukiwa umeweka kitambaa chakavu chini yake, na uvae glavu. Wino huu hautoki kwenye ngozi kwa sabuni ya siku moja. Weka sponji mpya kwa mpangilio uleule wa zile za zamani, rudisha mrija hadi ukae sawasawa. Mrija uliokunjika au kulegea ni hatari kuliko pedi iliyojaa: ukikunjwa, wino haunyonywi na hedi inaziba, ukilegea, wino unamwagika ndani ya mashine na hutaujua hadi utokeze mezani.

Ninapendekeza upime uzito wa kijisanduku kwa mizani ya jikoni, cha zamani na kipya, uandike. Baadaye ukitaka kujua pedi imebeba kiasi gani, tofauti ya gramu itakuambia ukweli kuliko asilimia ya kompyuta. Maji ya kwenye wino hukauka kwa joto, kwa hiyo mara nyingi sponji huwa nyepesi kuliko hesabu inavyodai.

Sasa hesabu. Kwa WIC unanunua namba ya siri, inatumika mara moja, unabonyeza "Reset waste counters", unazima na kuwasha. Ni njia safi na ndiyo ninayoipa alama za juu. Mafundi wengi wanatumia programu nyingine, Adjustment Program: unachagua modeli, unaingia "Particular adjustment mode", kisha "Waste ink pad counter", unaweka tiki kwenye pedi husika, "Check", halafu "Initialization". Inafanya kazi, ila nakala zinazozagaa mitandaoni nyingi zimevunjwa kufuli na zinakuagiza uzime antivirasi kwanza. Kwenye kompyuta yenye hesabu za duka au nywila za benki, usithubutu. Na ndani ya programu hiyo usiguse kingine chochote, hasa vipengele vya EEPROM, ile kumbukumbu ya mashine inayotunza mipangilio yake. Ukifuta mipangilio ya kiwandani, printa uliyotaka kuiokoa itaanza kuchapa mistari iliyopinda.

Je, ufute hesabu tu na kuiacha sponji ya zamani? Mara ya kwanza mara nyingi inapita, kwa sababu hiyo ya kukauka. Lakini fungua kijisanduku uangalie: sponji ikiwa inang'aa kwa wino juu, au karatasi ya tishu uliyoweka chini ya kona ya nyuma usiku kucha imepata doa, basi imejaa kweli. Kufuta mara ya pili bila kubadilisha ni kuchagua meza ipakwe rangi.

Wengine wanautoa mrija nje hadi kwenye chupa. Kwa duka linalochapa kutwa nzima siioni kama njia mbaya, mradi chupa ikae chini kuliko printa, kifuniko kiwe na tundu la hewa, na ncha ya mrija isizame kwenye wino. Kwa printa ya nyumbani inayohamishwa hamishwa, hapana. Kuosha sponji za zamani nako sikupendi: inakula maji mengi, inachafua sinki, na sponji isiyokauka hadi kiini inanyonya nusu tu.

Ukitaka hesabu isipande haraka, acha kuzima printa kwenye swichi ya ukutani. Hedi ikibaki haijafunikwa inakauka, na hapo utaisafisha tena na tena. Ikikosa rangi, safisha hadi mara 3, kisha iache saa 12 bila kuchapa kabla ya kujaribu tena. Power Cleaning iwe ya mwisho kabisa, na matangi yawe angalau theluthi moja. Ukiianzisha tangi likiwa karibu tupu, unaingiza hewa kwenye mirija na unaanza msiba mwingine.

Kwa anayenunua mpya na anachapa sana, angalia modeli zenye sanduku la matengenezo linalobadilishwa na mwenyewe, kama L6190 inayotumia T04D1. Lina chipu yake, ukiweka jipya printa inajua yenyewe, bila programu wala namba ya siri.