Maiki zisizo na waya: soma MHz kabla hujalipa

Nimezipanga maiki zisizo na waya katika aina nne, kwa masafa zinayorushia, yaani hizo namba za MHz. Nianze mkiani mwa orodha, maana huko ndiko pesa nyingi hupotelea: seti zilizoandikwa 902–928 MHz. Zimeundwa kwa soko la Marekani, ambako masafa hayo hutumika bila leseni. Ulaya, Afrika na nchi nyingi za Asia, hapo ni njia ya simu za GSM 900: simu hurusha kati ya 880 na 915, minara kati ya 925 na 960.

Ukiijaribu sebuleni itatoa sauti safi. Ukumbi ukijaa watu wenye simu mifukoni, inaanza kukatika na kukwaruza. Kuijua ni rahisi: zima maiki, acha risiva ikiwa imewashwa, tazama taa ya RF, ile inayowaka risiva inaponasa mawimbi. Ikiwaka na maiki imezimwa, kuna mwingine anarusha kwenye masafa yako. Wewe nawe unamsumbua, kwa sababu mnara wa jirani unaisikia maiki yako pale mnara huo unaposikiliza simu za wateja. Kampuni ya simu ikilalamika, anayesakwa ni wewe. Na fundi asikudanganye kwamba ataihamishia masafa mengine. Vichujio vya ndani vimetengenezwa kwa bendi hiyo hiyo.

Nafasi ya tatu naipa mitumba ya UHF kutoka Marekani, kwa shingo upande. Bei yake ina sababu: bendi ya 700 MHz ilifungiwa maiki huko mwaka 2010, na sehemu kubwa ya 600 ikafuata tarehe 13 Julai 2020, baada ya masafa kupewa simu. Barani Afrika na Ulaya, 694–790 nayo imetengewa simu, hivyo kinachobaki na maana ni kile kinachoshuka chini ya 694.

Ya pili ni UHF ya 470–694 yenye wigo mpana. Kwa maiki nyingi kwa pamoja haina mpinzani, ila nchi nyingi hudai leseni, na lazima ukwepe televisheni. Chukua seti ya 518–542: penye chaneli za upana wa 8 MHz, hizo ni chaneli ya 27, 28 na 29 tu. Mbili zikiwa hewani, umebakiwa na kipande kimoja. Ndiyo maana wigo mpana unastahili bei yake.

Kwa maiki moja au mbili, namba moja yangu ni 2.4 GHz. Karibu kila nchi huiruhusu bila leseni. Adui yake ni waifai, na mwili wa mtu huizuia, kwa hiyo weka risiva karibu na jukwaa, juu ya vichwa vya watu.

Yoyote utakayochagua, muuzaji akutumie picha ya lebo ya risiva na ile ya maiki, ambayo mara nyingi iko ndani ya kifuniko cha betri. Namba zisipolingana, usilipe.