Mashairi yanapomtangulia mwimbaji: uzoefu wangu na taarabu za kanda

Programu hii ya muziki niliiweka kwenye simu kwa sababu inaonyesha maneno ya wimbo mstari kwa mstari, sauti ikiendelea. Hapa Mji wa Kale tunaitumia kujifunza taarabu za kuimba harusini, na beti ndefu zataka mtu aone neno kabla hajalitoa kinywani.

Kwa nyimbo zilizonunuliwa mtandaoni sina lawama. Tatizo ni zile tulizozihamisha kutoka kwenye kanda za zamani: maneno hayatokei kabisa. Programu hailinganishi jina la wimbo na la mwimbaji tu, hutazama na urefu. Ukizidi kwa sekunde chache, inauhesabu kuwa rekodi nyingine na kuuacha mtupu.

Wimbo mmoja wetu una dakika 10 na sekunde 12, ilhali rekodi iliyopangiwa maneno ina dakika 10 kamili. Niliyachagua maneno kwa mkono, yakatokea, lakini yakawa yanamtangulia mwimbaji. Ubeti wa kwanza, uliowekewa alama ya `[01:40.00]`, ulitangulia kwa sekunde 2. Wa mwisho, wa `[09:30.00]`, ulitangulia kwa zaidi ya sekunde 11.

Hapo ndipo ugonjwa unapojulikana. Pengo likiwa lile lile mwanzo hadi mwisho, basi ni ukimya uliozidi mwanzoni au spika ya bluetooth inayochelewesha sauti, na kitufe cha kusogeza maneno kinatosha. Pengo likikua kadiri wimbo unavyosonga, kasi ndiyo mbovu: deki iliyochezea kanda ilizunguka polepole. Kusogeza kwa sekunde 2 kutauponya ubeti wa kwanza na kuwaacha waitikiaji wa mwisho wamepotea.

Dawa ni kuurekebisha wimbo wenyewe. Gawanya sekunde 612 kwa 600, upate 1.02. Kwenye kompyuta nilifungua Audacity, nikachagua wimbo wote, nikaenda `Change Speed and Pitch` na kuandika 1.02 penye `Speed Multiplier`. Wimbo ulirudi dakika 10, programu ikautambua na kuleta maneno yenyewe, kila mstari mahali pake. Sauti nayo ilipanda kidogo ikarudi kwenye ufunguo wake, jambo lililomfurahisha mpiga udi wetu kuliko hayo maneno. Kabla ya kugawanya, ondoa ukimya wa mwanzo na wa mwisho wa kanda, la sivyo hesabu itadanganya.

Rekodi za ukumbini hazitibiki hivi. Wapigaji huongeza mwendo hadhira ikipamba moto, na mwimbaji hurudia ubeti akitunzwa, kwa hiyo hakuna kizidishio kimoja kitakachofaa. Hizo nazipangia alama mstari kwa mstari.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Watengenezaji wakiongeza sehemu ya kunyoosha maneno kwa alama mbili, ya ubeti wa kwanza na wa mwisho, nitaipa zote.