Mtambo mdogo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya kisima: nilichojifunza kwa kufunga vali nusu mzunguko

Nimeutumia mtambo huu wa osmosisi kinyume, unaosukuma maji kwa presha yapenye tando zinazozuia chumvi, kwa miezi 14, kila siku kwa muda wa saa kumi hivi. Naandika kuuhusu kwa sababu maelezo mengi ya wauzaji husema tu mtambo unatoa lita ngapi kwa saa, wala hayasemi lita hizo zinapatikana kwa kutupa maji kiasi gani na kwa presha ipi. Mimi niliharibu nusu ya tando zangu kwa kutolielewa hilo, kisha nikaziokoa.

Kwanza mtambo wenyewe. Una tando nne za kipenyo cha inchi 4 na urefu wa inchi 40, mbili katika kila silinda. Silinda zimeunganishwa kwa mfululizo, yaani maji yasiyopenya tando za silinda ya kwanza huingia ya pili, na yanayobaki hapo ndiyo hutupwa. Mbele yake kuna kichujio cha mikroni 5 na pampu ndogo inayodondosha dawa ya kuzuia ukoko. Maji ya kisima chetu yana chumvi za jumla miligramu 3,200 kwa lita, na yana chokaa nyingi: ukiyachemsha sufuria inabaki na ukoko mweupe.

Siku ulipowashwa, geji ilisoma 11 bar. Maji matamu yalikuwa lita 750 kwa saa, na yaliyotupwa lita 750. Kwa hiyo kati ya lita 1,500 zilizoingia tulivuna nusu: uvunaji wa asilimia 50. Kwa wiki tano kila kitu kilikwenda sawa. Ladha nzuri, kipimo cha upitishaji umeme cha maji matamu, ambacho hupanda kadiri chumvi inavyozidi, kilikuwa mikrosimensi 105 tu.

Lakini kuona lita 750 zikimwagika kila saa kuliniuma, hasa nikikumbuka umeme uliotumika kuyapandisha kutoka chini. Kijitabu cha mtambo kiliandika kwamba unaweza kufika asilimia 75. Nikaifunga vali ya maji ya kutupwa kama nusu mzunguko. Presha ikapanda hadi 13 bar, maji matamu yakafika lita 900 kwa saa, yaliyotupwa yakashuka hadi 390. Uvunaji ukawa asilimia 70. Niliona nimepata maji zaidi bila kununua chochote.

Kilichokuwa kikitokea ndani sikukiona. Chumvi karibu yote hukataliwa na utando, kwa hiyo hubaki katika maji yanayosonga mbele. Ukivuna nusu, chumvi iliyokuwa ndani ya lita mbili sasa iko ndani ya lita moja: miligramu 3,200 zinakuwa kama 6,400. Ukivuna asilimia 70, kilichobaki ni asilimia 30 ya maji, na chumvi inafika zaidi ya 10,600. Kila miligramu 1,000 za chumvi huleta kani ya kurudisha maji nyuma, shinikizo la osmosisi, ya karibu 0.7 bar. Basi utando wa kwanza ulipambana na bar 2 na kitu, ukabaki na karibu 11 za kusukuma maji kupenya. Ule wa mwisho ulipambana na zaidi ya 7, na kwenye uso wake chumvi hujikusanya kuliko katikati ya mkondo, kwa hiyo ulibakiwa na kama 4. Presha niliyoongeza ilizidi kuzitumikisha tando za mbele, huku za nyuma zikipokea maji mazito zaidi na machache zaidi.

Uchache huo una madhara yake. Kwa tando za inchi 4, watengenezaji hutaka maji yanayotoka mwisho yasipungue kama lita 700 kwa saa, ili mkondo uwe na kasi ya kusafisha uso wa utando. Mimi nilikuwa na 390. Maji mazito, polepole, yenye kalsiamu na bikaboneti mara tatu ya kawaida: hapo ukoko wa kalsiamu kaboneti hauna kizuizi.

Baada ya wiki saba dalili zilijitokeza. Kwa presha ileile ya 13 bar, maji matamu yalishuka kutoka lita 900 hadi 700, na kipimo cha umeme kikapanda kutoka 120 hadi 210. Nilidhani ni chuma. Kisima chetu kina chuma kidogo, na tenki la juu liko wazi, kwa hiyo chuma kilichoyeyuka kinakutana na hewa na kuwa kutu laini. Nikabadilisha kichujio cha mikroni 5, hakuna kilichobadilika. Nikafikiria joto la maji, maana kila digrii moja ikishuka, utando hutoa pungufu ya karibu asilimia 3, lakini maji yetu hukaa kwenye digrii 27 mwaka mzima. Upungufu wa zaidi ya asilimia 20 haukutoka huko.

Hapa ndipo nitakapousifu mtambo huu kwa moyo wote. Kila silinda ina koki yake ndogo ya kuchotea maji matamu kabla hayajachanganyika, na kuna geji mbele, katikati na mwisho. Mitambo mingi midogo niliyoiona haina hata moja ya hizo. Nilichukua chupa na saa, nikapima kila silinda peke yake. Ya kwanza ilitoa lita 540 kwa saa zenye mikrosimensi 100, karibu sawa na zamani. Ya pili, iliyowahi kutoa 350 zenye 160, sasa ilitoa 160 tu, na umeme umepanda hadi 580. Uharibifu wote ulikuwa nyuma.

Hilo lilitosha kuitambua aina ya tatizo. Kutu, matope na utelezi wa bakteria hukamatwa na tando za mbele, kwa sababu ndizo za kwanza kukutana nazo, na dalili yake kubwa ni tofauti ya presha kati ya mlango na njia ya kutokea ya silinda ya kwanza kupanda. Ukoko wa chumvi huanzia nyuma, pale maji yalipokolea zaidi, na dalili yake ni maji kupungua na chumvi kupenya katika silinda ya mwisho. Tofauti ya presha katika silinda yangu ya kwanza haikubadilika kabisa.

Niliufungua mwisho wa silinda ya pili na kuutoa utando wa nne. Ulikuwa mzito kuliko wa kwanza bila hata kuutia kwenye mizani, na uso wa mwisho wake ulikwaruza vidole kama una mchanga. Nikadondosha asidi ya sitriki kwenye unga niliokwangua, ukatoa povu. Povu hilo lilinipa matumaini, kwa kuwa maana yake ni kaboneti. Ungekuwa kalsiamu salfeti usingetoa povu, na asidi haiuyeyushi. Utando wa namna hiyo mara nyingi hutupwa.

Nilisafisha silinda ya pili peke yake, ili uchafu wake usipite kwenye tando zilizo salama. Nilitumia lita 40 za maji matamu ya mtambo wenyewe, nikayeyusha gramu 800 za asidi ya sitriki, yaani asilimia 2. Nikayazungusha kwa presha ndogo, chini ya 4 bar, ili asidi ipite juu ya uso bila kuulazimisha uchafu kupenya. Mzunguko wa kwanza, lita chache za mwanzo zilizotoka na rangi nilizimwaga. Dakika 40 za kuzungusha, saa moja ya kuloweka, halafu tena. Cha kuangalia ni pH: inapopanda, asidi inaliwa na ukoko, unaongeza. Ilipokaa bila kupanda nikajua kazi imekwisha. Glavu na miwani vilikuwa lazima, na klorini haikukaribia hapo hata tone, kwa kuwa tando hizi za poliamidi huliwa nayo moja kwa moja.

Nikairudisha vali ilipokuwa: 11 bar, nusu kwa nusu. Mtambo ukatoa lita 735 badala ya 750 za mwanzo, umeme 112. Lita 15 hazikurudi, na sidhani zitarudi.

Vali haikuwa na kosa peke yake. Nilipoipima pampu ya dawa kwa chupa yenye alama, niliikuta inatoa chini ya nusu. Dawa yetu huwekwa miligramu 3 kwa lita. Kwa lita 1,500 kwa saa hiyo ni gramu 4.5, na kwa saa kumi gramu 45. Zilikuwa zikienda kama 20, kwa sababu bomba la kunyonyea lilikuwa na hewa. Pampu ilikuwa inagonga na taa inawaka, kwa hiyo ukitazama tu unaona iko sawa. Sasa natia alama kwenye dumu kila Jumatatu.

Malalamiko yangu mawili kwa waliotengeneza. Ile asilimia 75 ya kijitabuni haikutaja aina ya maji. Kwa maji yenye chokaa kidogo na tando sita au zaidi kwa mfululizo, labda; kwa tando nne na maji kama yetu, haifai kuandikwa. Pili, mtambo ukizimwa, maji mazito hubaki yamelala juu ya tando usiku kucha. Ilinibidi niongeze mwenyewe bomba na vali ya kusafishia kwa maji matamu dakika tano kila jioni. Kitu hicho kingekuja na mtambo.

Kuna aliyenishauri nirudishe sehemu ya maji ya kutupwa mlangoni ili mkondo uwe na kasi. Inasaidia kasi, ndiyo, lakini maji yanayoingia yanakuwa na chumvi zaidi na kukolea kwa mwisho kunabaki kulekule kama uvunaji ni uleule. Kwa maji yetu sikuifanya. Yale ya kutupwa tunasukumia vyoo na kuoshea sakafu. Kwenye mimea hayaendi, miligramu 6,400 zinaua udongo.

Leo asubuhi: 11 bar, lita 730, mikrosimensi 114. Silinda ya kwanza 420, ya pili 310. Naziandika daftarini kila siku, silinda kwa silinda, na ya pili ikishuka chini ya 285 nitaandaa asidi.