Printa ya lebo na mafungu ya oda 8: uzoefu wangu wa siku za ofa

Nauza mishumaa ya manukato kutoka nyumbani. Siku za kawaida nafunga oda 5 au 6, lakini siku za ofa zinafika 40. Nilinunua printa ndogo ya lebo, ile inayochapa kwa joto bila wino, nikiamini ndiyo itakayomaliza makosa yangu. Kasi niliipata mara moja. Makosa yalibaki palepale.

Siku ya kwanza ya ofa nilichapa lebo zote 38 kwa mkupuo, nikazipanga mezani na kuanza kufunga kwa kufuata mstari. Oda ya 12 ilikuwa na mishumaa miwili na mmoja sikuuona rafuni, nikaiweka oda hiyo pembeni. Lebo yake nikaisahau kwenye mstari. Boksi lililofuata likabandikwa lebo hiyo, na kuanzia hapo kila boksi likapewa lebo ya mwenzake. Nilishtuka pale boksi kubwa lilipokutana na lebo ya mshumaa mmoja mdogo. Ilinibidi nifungue maboksi 7.

Sasa nachapa lebo 8 tu kwa wakati mmoja, kwa sababu meza yangu inabeba maboksi 8 yaliyo wazi. Kwanza napanga oda kwa bidhaa: zote za mshumaa mmoja wa aina moja zinatangulia, kwa kuwa hata mkono ukiteleza, kilichomo ndani hakibadiliki. Oda zenye bidhaa mchanganyiko naziacha mwisho, nazo nafanya 4 kwa fungu. Kila boksi linawekewa karatasi ya oda kabla ya bidhaa. Lebo inabandikwa mwishoni, baada ya kulinganisha tarakimu 4 za mwisho za namba ya oda kwenye karatasi na kwenye lebo, halafu ndipo nafunga kwa selotepu. Oda ikikosa bidhaa, inatoka mezani pamoja na lebo yake. Fungu jipya halichapwi mpaka meza iwe tupu. Lebo ikibaki bila boksi, kosa limo ndani ya maboksi 8 yaliyo mbele yangu, si ndani ya 38.

Kuhusu printa yenyewe nimeridhika, ila lebo zake zinataka uangalifu. Zikikaa juani au karibu na joto zinakuwa nyeusi au maandishi yanafifia, kwa hiyo rola naliweka kabatini. Selotepu siipitishi juu ya msimbopau, maana mng'ao wake huweza kuzuia kusomwa. Na kwenye dirisha la kuchapa nachagua `Actual size`. Nilipoacha ukurasa ujibane wenyewe, mistari ya msimbopau ilibanana na simu yangu ikashindwa kuisoma.

Oda 40 zinanichukua muda mrefu kidogo kuliko nilipochapa zote pamoja. Tangu nianze mafungu, sijafungua tena boksi nililokwisha kulifunga.